Kabla ya Kuweka Windows Upya, Ipime RAM: Laptopu Iliyokwama Kila Mara Mahali Papya

Laptopu ililetwa mezani kwetu Langoni, Lamu, Jumatatu baada ya alasiri, imo ndani ya mfuko pamoja na chaja yake na flashi ya 16GB. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari. Alieleza kwa ufupi: mashine ilikuwa nzito, akaamua kuweka Windows upya mwenyewe, na kila akijaribu inafika asilimia 37 inakataa.

Tunaandika haya kwa sababu kazi hii ilituchukua siku nne, na siku nzima moja kati ya hizo tuliipoteza wenyewe kwa kuacha kipimo kimoja kabla hakijamaliza kazi yake. Mafundi wengi wa huku pwani tunafanya vivyo hivyo. Kisakinishi kikianguka tunabadilisha flashi, tena flashi, kisha diski, na RAM, yaani memori ya kazi ya mashine, tunaikumbuka mwisho.

Mashine yenyewe ni ya mtumba, ya kawaida kabisa madukani: Core i5 ya kizazi cha nne, SSD ya 256GB, na RAM 8GB kwa vipande viwili vya 4GB vya DDR3L. Tuliiwasha na ile flashi yake. Kwenye hatua inayoandikwa `Getting files ready for installation`, ilipofika 37 ikasimama na kutoa `0x80070570`, yaani faili imeharibika au haisomeki. Tukarudia. Ikasimama 37 tena.

Hapo tulifuata kanuni ambayo ni sahihi. Kisakinishi kikifia mahali pale pale kila mara, mtuhumiwa wa kwanza ni flashi au faili la ISO, yaani nakala nzima ya kisakinishi, lililoandikwa humo, kwa kuwa faili lililoharibika limekaa mahali pamoja na halihami. Tukaandika flashi mpya kwenye kompyuta yetu ya dukani, kutokana na ISO tuliyoikagua, tukaanza upya. Safari hii ilipita 37 bila shida, ikafika 61, ikafa. Tukarudia kwa flashi hiyo hiyo. Skrini ya buluu ikatoka kabla hata ya kuchagua diski, imeandikwa `MEMORY_MANAGEMENT`. Tukaweka flashi ya Linux tuone kama ni Windows tu yenye tatizo. Menyu ilitokea, picha ya mwanzo ikaonekana, halafu skrini ikajaa mistari ya `SQUASHFS error` na mashine ikaganda.

Mifumo miwili tofauti, flashi mbili nzima, na kila mara kifo mahali papya. Dalili hiyo inaelekeza kwenye RAM kuliko kitu kingine chochote, na sababu yake inafaa ieleweke vizuri, maana ndiyo inayomwezesha fundi kumjibu mteja anayesema, "Lakini Windows ya zamani ilikuwa inafanya kazi!"

Kisakinishi hakinakili mafaili kama unavyonakili picha kutoka flashi kwenda kwenye diski. Mafaili ya Windows yamebanwa ndani ya faili moja kubwa, `install.wim` au `install.esd`. Kila kipande husomwa, hufunguliwa ndani ya RAM, hukaguliwa kwa hesabu, kisha ndipo huandikwa kwenye diski. Data iliyobanwa haina uvumilivu. Biti moja ikigeuka kutoka 1 kwenda 0, kufungua kunaharibika kuanzia hapo kwenda mbele, na ukaguzi unakataa. Tena kisakinishi chenyewe kinaishi ndani ya RAM: mazingira yake ni diski ya kufikirika iliyopakiwa kwenye memori, ile inayoonekana kama `X:`. Kila ukiwasha, vitu hupangwa kwenye memori kwa namna tofauti kidogo. Leo sehemu mbovu imeangukiwa na kipande cha `install.wim`, na kazi inafia 61. Kesho imeangukiwa na programu ya kisakinishi yenyewe, na skrini ya buluu inatoka mapema. Windows ya zamani, kwa upande wake, ilikuwa inatumia 3GB hivi kwa kazi za mwalimu, na biti mbovu ilipoangukia picha, nukta moja ilibadilika rangi na hakuna aliyeona.

Swali ambalo tungemuuliza mwalimu siku ile ile ya kwanza ni hili: flashi uliiandikia wapi? Tulimpigia simu jioni. Aliipakua ISO na kuiandika kwenye flashi kwa kutumia laptopu hii hii, kabla hajaanza kufuta kitu. Basi 37 nayo ikapata maelezo. ISO ilipita kwenye RAM mbovu wakati wa kupakuliwa na wakati wa kuandikwa, ikaharibikia mahali pamoja, na ule uharibifu ukakaa kwenye flashi daima. Flashi ilikuwa mbovu kweli, lakini iliharibiwa na ugonjwa tuliokuwa hatujauona. Kanuni ya "mahali pale pale ni flashi" haikutudanganya. Ilitupeleka nusu ya njia, na sisi tukadhani tumefika.

Kabla hujapima chochote kuna jambo la kufanya kwanza, na hili tulilifanya vizuri. Itoe diski. Mafaili ya mwalimu, maswali ya mitihani na alama za wanafunzi, yalikuwa bado yamo, kwa kuwa kisakinishi kilikuwa hakijafuta sehemu ya pili ya diski hiyo. Usiyanakili kwa mashine inayoshukiwa RAM, kwa sababu kila baiti unayonakili inapita kwenye memori hiyo hiyo na nakala inaweza kutoka na kasoro usizoziona. Tuliitoa SSD, tukaiunganisha kwenye kompyuta nzima kwa adapta ya USB, tukanakili kutoka huko. Kwa sababu hiyo hiyo usiendeshe `chkdsk` wala `fsck` kwenye mashine yenye RAM ya kutiliwa shaka. Programu hizo huandika marekebisho kwenye diski, na zikisoma vibaya zitarekebisha kilichokuwa kizima.

Sasa kipimo. Tunatumia Memtest86+, ambayo ni ya bure na haihitaji mfumo wowote ndani ya diski: inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi. Tangu toleo la 6.00 la mwaka 2022 inawaka kwenye mashine za UEFI na za BIOS ya zamani pia. Matoleo ya nyuma yalikuwa ya BIOS pekee, kwa hiyo ukiwa na flashi yako ya miaka mingi na laptopu mpya haiioni, sababu huenda ni hiyo. Iandike flashi kwenye mashine nzima. Kwenye Linux tunafanya hivi, baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` ni diski ipi, maana ukikosea herufi unafuta diski nyingine:

```
lsblk
sudo dd if=memtest.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress
```

Faili ni dogo, flashi ya zamani ya 1GB inatosha. Kwenye mashine za UEFI ingia kwanza kwenye mpangilio wa mwanzo uzime `Secure Boot`, la sivyo inaweza kukataa kuiwasha. Kama ni kompyuta ya mezani na mtu ameiwekea `XMP`, izime nayo. Mpangilio huo unaiendesha RAM kwa kasi ya juu kuliko ile ya msingi, na makosa yanaweza kutokana na kasi badala ya ubovu. Unataka kupima kipande kwa kasi yake ya kawaida kwanza.

Programu huanza yenyewe baada ya sekunde chache, na hapa ndipo tulipokosea. Baada ya dakika kama 35 neno kubwa `PASS` lilijitokeza katikati ya skrini. Hakukuwa na kosa hata moja. Tukabonyeza `Esc`, tukaitoa flashi, tukasema RAM ni nzima. Siku nzima ya Jumanne tuliitumia kubadilisha SSD kwa nyingine ya kujaribia, kubadilisha tundu la USB, kushusha BIOS kwenye mpangilio wa kiwandani. Kisakinishi kilifika 82, kikafa.

Lile neno `PASS` maana yake ni kwamba mzunguko mmoja umekwisha bila kosa. Na mzunguko wa kwanza Memtest86+ huufupisha kwa makusudi: marudio ya majaribio hupunguzwa hadi kama theluthi moja, ili mtu mwenye RAM iliyooza kabisa ajue mapema asisubiri. Ni mchujo tu. Kwa mashine ile mzunguko wa kwanza ulikuwa dakika 35, na kila uliofuata ulizidi saa moja na nusu. Aliyeacha kwenye `PASS` ya kwanza amepima sehemu ndogo sana ya kile anachodhani amepima. Tangu siku ile kiwango chetu ni mizunguko 4 au usiku kucha, kipi kirefu zaidi.

Joto nalo lina neno lake. Seli ya RAM ni ghala dogo la chaji linalovuja na kujazwa tena na tena mara nyingi kwa sekunde, na kadiri chipu inavyopata moto ndivyo chaji inavyovuja upesi. Seli dhaifu inaweza kustahimili mashine ikiwa baridi, ikashindwa baada ya saa mbili. Tulikuwa tumeipima mfuniko wa chini ukiwa wazi, feni ya dukani inapuliza. Hiyo haikuwa hali ya mwalimu anayefanyia kazi chumbani wakati wa kaskazi. Ukipima, funga mfuniko, uweke mashine pale inapokaa kwa kawaida, na usiielekezee feni.

Na umeme. Memtest86+ haihifadhi chochote kwenye diski. Umeme ukikatika saa nane za usiku na betri ya laptopu haishiki, asubuhi utakuta mashine imezima na hujui kama kulikuwa na makosa. Betri ya mwalimu ilikuwa inashika dakika 20 tu, kwa hiyo tuliichomeka chaja kwenye UPS ndogo ya dukani.

Usiku wa Jumanne tuliiacha. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari kumi na tatu ya makosa. Ukiipanga sehemu muhimu ya mstari mmoja inasomeka hivi:

```
Failing Address   00011c3a5f48 (4.4GB)
Expected          ffffffffffffffff
Found             ffffffffffffbfff
```

Tuusome taratibu, kwa sababu mafundi wengi wanaishia kwenye hesabu ya makosa peke yake. Programu iliandika 1 kwenye biti zote 64 za anwani hiyo, ndiyo maana ya `f` zote. Ilipokwenda kusoma, tarakimu ya nne kutoka kulia ilikuwa `b` badala ya `f`. `f` ni 1111 na `b` ni 1011, kwa hiyo biti moja tu imeanguka. Tarakimu ya nne inabeba biti ya 12 hadi ya 15, tukihesabu kuanzia sufuri, na iliyoanguka ni ya 14. Mistari yote kumi na tatu ilionyesha biti ya 14, anwani zikiwa jirani jirani, na hakuna hata mmoja uliotoka kwenye mzunguko wa kwanza.

Picha ya namna hiyo, makosa machache, biti ile ile, anwani zinazokaribiana, yakijirudia mzunguko hadi mzunguko, ni ya seli zilizokufa au zinazokufa ndani ya chipu moja. Kungekuwa na maelfu ya makosa ndani ya sekunde chache, biti mchanganyiko, anwani zimetapakaa kote, tungeshuku kwanza kipande hakijakaa vizuri kwenye sloti, meno yana kutu, au kasi na volti hazilingani. Hilo la pili mara nyingi hutibika bila kununua kitu. Kwa vyovyote, kosa moja linatosha kuikataa mashine. RAM haina kiwango cha makosa yanayokubalika.

Anwani ya 4.4GB haikuambii ni kipande gani. Ni rahisi kudhani kwamba cha kwanza kinabeba 0 hadi 4GB na cha pili 4 hadi 8GB, kwa hiyo mbovu ni cha pili. Vipande viwili vinavyolingana huendeshwa kwa kupokezana: sehemu ndogo ya data inakwenda huku, inayofuata kule, kwa hiyo kila GB imegawanywa kwa vyote viwili. Njia ya uhakika ni kupima kimoja kimoja.

Tulizima mashine, tukatoa chaja, tukachomoa betri, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Vibano viwili vya pembeni ukivitanua kwa kucha, kipande kinajiinua chenyewe kwa pembe, nawe unakivuta kwa kukishika kingo. Tuliandika A na B kwenye utepe wa karatasi tukabandika upande usio na meno. Usifanye hili kwa kichwa. Baada ya kubadilishana mara tatu hakuna anayekumbuka kipi ni kipi.

A peke yake kwenye sloti ya kwanza: mizunguko minne, safi. B peke yake kwenye sloti hiyo hiyo: makosa matano kufikia mzunguko wa pili, biti ya 14. Anwani ilikuwa imeshuka hadi 2.2GB, karibu nusu ya ile ya mwanzo, jambo linaloeleweka kwa sababu sasa hakuna mwenzake wa kupokezana naye. Biti haikuhama. Kisha A kwenye sloti ya pili: mizunguko minne, safi. Jaribio hili la tatu watu wanaliruka, nalo ndilo linaloondoa shaka juu ya sloti na madabodi. Bila hilo ungeweza kununua RAM mpya, ukaitia kwenye sloti mbovu, na kurudi ulipoanzia.

Kabla ya kukihukumu B tulikipa nafasi moja zaidi, kwa sababu ya hewa yetu. Hapa upepo wa bahari unaingia ndani ya kila kitu, na vipande vinavyokaa miaka miwili mitatu bila kuguswa huota ukungu wa chumvi kwenye meno. Ukikishika B kwa pembe dhidi ya mwanga wa dirisha, meno matatu ya karibu na ule mkato wa katikati yalikuwa yamepoteza mng'aro, yana utando wa kijivu wenye ukijani ukingoni, na mengine yote yanang'aa dhahabu. Tulisugua kwa raba safi ya penseli, kwa wepesi, kuelekea ncha ya meno na si kwa kwenda mbele na nyuma, maana dhahabu yenyewe ni tabaka jembamba sana. Kisha tukapangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili, tukasubiri kikauke. Sloti tuliipiga brashi laini na spiriti ile ile. Usitumie raba ndani ya sloti. Vumbi lake linabaki humo.

Tukakirudisha B. Biti ya 14, tena. Laiti utando ndio ungekuwa ugonjwa, makosa yangepotea au yangebadilika sura. Hayakubadilika, kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani ya chipu.

Kupata kingine kulituchukua siku moja na nusu. Kisiwani hapa hatukupata cha aina hiyo, tukaagiza cha mtumba kutoka Mombasa: kikaja kwa basi hadi Mokowe, na kwa boti hadi hapa. Tulilipa shilingi 1,500 kwa kipande na 300 kwa mzigo. Ukiagiza, soma karatasi ya kipande kizima uitaje yote, usiseme "4GB ya laptopu" ukaishia hapo. Chetu kilikuwa `PC3L-12800S`. Ile L ina maana ya volti 1.35, na laptopu za kizazi hicho cha nne zimetengenezwa kwa volti hiyo. Kipande cha `PC3` bila L ni cha volti 1.5, kina meno 204 vile vile na kinaingia kwenye sloti bila kulazimishwa, lakini mashine inaweza isiwake kabisa au isitulie.

Kilipofika tulikipima peke yake kabla ya kukubali kwamba tumemaliza kununua. Cha mtumba hakina historia unayoijua, na muuzaji alikubali kurudishiwa ndani ya siku tatu. Mizunguko minne, safi. Halafu tukavipima vyote viwili pamoja usiku mmoja zaidi, kwa sababu vipande viwili vizima vinaweza kugombana vikiwa pamoja: mzigo kwenye kidhibiti cha memori unaongezeka, na muda wa kila kimoja unaweza kutofautiana kidogo. Asubuhi skrini ilikuwa na sufuri kwenye `Errors`.

Kuna mashine ambazo njia hii yote haiwezekani kwa sababu RAM imechomelewa kwenye madabodi. Kama ni seli chache na mwenyewe hana uwezo wa kubadilisha ubao, Linux ina njia ya kuzikwepa. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, uongeze:

```
memtest=4
```

Kisha bonyeza `F10` iwake. Kerneli, kiini cha Linux, itaipima memori kwa ruwaza nne na kuzitenga sehemu zitakazoshindwa. Nyongeza hiyo hudumu kwa kuwasha huko tu, kwa hiyo irudie kila unapowasha. Ni kipimo cha haraka, hafifu kuliko Memtest86+, na biti kama ile yetu iliyosubiri joto ingekipita bila kuonekana. Tunakitumia kumwezesha mtu kuokoa mafaili yake au kuisukuma mashine miezi michache. Hatumrudishii mtu mashine ya kazi kwa njia hiyo bila kumwambia waziwazi.

Na je, usiku mzima ukipita bila kosa na kisakinishi bado kinaanguka? Basi RAM imepungua uzito kwenye orodha ya washukiwa, ingawa haijatoka kabisa, kwa kuwa kipimo hiki hakiigizi kila hali ya mzigo. Hapo tunatazama joto la prosesa, ambalo mara nyingi ni feni iliyoziba kwa vumbi na mchanga, kisha diski:

```
sudo smartctl -a /dev/sda
```

`Reallocated_Sector_Ct` ikipanda, diski inakufa. `UDMA_CRC_Error_Count` ikipanda, tatizo ni kebo au kiunganishi, na kwenye laptopu za pwani kiunganishi cha diski huota kutu kama meno ya RAM.

Baada ya RAM kuwa safi hatukutumia tena flashi ya mwalimu wala ISO yake. Kwa kutaka kuona kwa macho, tuliipima ile ISO aliyokuwa ameipakua, iliyokuwa bado imo ndani ya ile SSD, kwenye kompyuta yetu ya Windows:

```
certutil -hashfile Windows.iso SHA256
```

Namba haikulingana na ile iliyotolewa na watengenezaji kwenye ukurasa wa kupakulia. Kitu chochote kilichopakuliwa, kunakiliwa au kuandikwa na mashine wakati inaumwa, kichukulie kuwa kimeguswa mpaka kithibitishwe. Ukitaka kufanya ukaguzi kama huu kwenye mashine yenyewe inayoshukiwa, kwa Linux, jua kwamba ukiendesha `sha256sum` mara mbili mfululizo mara ya pili inaweza kusoma kutoka kwenye RAM badala ya diski, ikakupa jibu lile lile bovu. Safisha kwanza, ndipo urudie:

```
sha256sum faili.iso
echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches
sha256sum faili.iso
```

Majibu mawili tofauti kwa faili moja ambalo halijaguswa ni ushahidi wa RAM au njia ya data, hata kabla ya Memtest86+.

Windows iliingia Ijumaa asubuhi kwa mkupuo mmoja, bila kusimama popote. Kisha tukakaa na mwalimu kwenye nakala za mafaili yake, tukifungua moja moja yale ya miezi mitano ya karibuni. Faili tatu zilikataa kufunguka. Mbili zilikuwa mitihani ambayo alikuwa nayo kwenye karatasi. Ya tatu ilikuwa jedwali la alama za muhula, na ile nayo tuliipata nzima kwenye barua pepe aliyomtumia mwalimu mkuu mwezi Machi, kabla haijafunguliwa na kuhifadhiwa tena kwenye laptopu ile. Kipande B tulikivunja kwa koleo kabla ya kukitupa, kisije kikaokotwa na kuuzwa.